Macho, Dhahabu na Kibao cha Miguu: Namna ya Kuitazama Ikona ya Kibizanti

Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanaijua picha ya Bikira Maria Mama wa Msaada wa Daima, hata kama hawajui ilitoka wapi. Iko ukutani sebuleni, iko kwenye vijitabu vya novena, iko kwenye kadi ndogo za sala zinazohifadhiwa ndani ya Biblia. Mama amevaa joho la buluu iliyokolea juu ya vazi jekundu, na amembeba Mtoto kwenye mkono wake wa kushoto. Nyuma yao hakuna nyumba, hakuna mlima, hakuna anga. Kuna dhahabu tupu, malaika wawili wadogo na herufi chache ambazo wengi wetu hatuwezi kuzisoma. Mtoto ana uso wa mtu mzima. Mama ana pua ndefu nyembamba, mdomo mdogo, na macho yanayokufuata kila kona ya chumba.

Wapo wanaoipenda sana picha hiyo lakini kimoyomoyo wanaamini kwamba aliyeichora hakuwa hodari. Wanailinganisha na Bikira Maria wa kwenye kalenda, mwenye mashavu laini na mawingu nyuma yake, wanaona huyu wa kalenda ndiye aliyechorwa vizuri. Ningependa kuwashawishi kwamba sivyo. Kila kitu kinachoonekana kama kasoro katika picha ile kina sababu yake, na sababu hizo zinaweza kuelezwa bila mafumbo.

Picha yenyewe, ile ya asili, iko Roma katika kanisa la Mtakatifu Alfonso, mikononi mwa Mapadre Waredemptoristi, ambao Papa Pius wa Tisa aliwakabidhi mwaka 1866. Si kubwa kama watu wanavyodhani: ni ubao wa kimo cha sentimita 54 hivi na upana wa sentimita 41 hivi. Masimulizi ya Roma yanasema mfanyabiashara mmoja aliitoa kisiwani Krete, na kwamba mwaka 1499 iliwekwa katika kanisa la Mtakatifu Mathayo mjini humo. Krete wakati huo ilikuwa chini ya Venisi, lakini wachoraji wake walikuwa Wagiriki waliolelewa katika mila ya Bizanti, dola la Kikristo la Mashariki ambalo makao yake yalikuwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, hadi mji huo ulipotekwa na Waturuki mwaka 1453. Katika karakana za Krete, hasa ile ya Andreas Ritzos, picha ya namna hii ilichorwa mara nyingi. Hata wao hawakuibuni. Katika kanisa dogo la Panagia tou Arakos huko milimani Kupro kuna mchoro wa ukutani wa mwaka 1192, na ndani yake Mama amembeba Mtoto huku malaika wawili wakileta vyombo vya mateso.

Kwa hiyo aliyechora ubao ulioko Roma hakukaa chini akaamua uso wa Bikira Maria uweje. Aliupokea. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kati ya mwaka 730 hivi na 787, na tena kati ya 815 na 843, makaisari kadhaa wa Bizanti walipiga marufuku picha takatifu. Picha zilifutwa kuta, mbao zilichomwa, na wamonaki waliozitetea waliteswa na kufukuzwa. Hoja ya wapinzani ilikuwa nzito: Mungu hachoreki, na ukichora ubinadamu wa Kristo peke yake umemgawa vipande viwili. Mmonaki Theodoro wa Studio, aliyefariki mwaka 826, alijibu hoja hiyo kwa ukali wa mwanasheria. Anayechorwa, alisema, si uungu na si ubinadamu kama vitu vya jumla. Anayechorwa ni nafsi, yaani mtu fulani, mwenye jina lake, aliyeonekana na kutambuliwa na watu. Petro tunapomwona hatuoni ubinadamu ukitembea, tunamwona Petro.

Jibu hilo ndilo lililowapa wachoraji masharti yao. Kama ikona ni ya mtu fulani, basi lazima atambulike, na ndiyo maana sura za watakatifu hazibadilishwi ovyo. Petro ana nywele nyeupe zilizojisokota na ndevu fupi. Paulo ana upara na ndevu nyeusi ndefu. Mtakatifu Nikolao ana paji kubwa. Kama ikona ni ya mtu, basi lazima iwe na jina lake, na ndizo zile herufi: MP ΘΥ juu ya Bikira Maria ni kifupi cha Kigiriki cha “Mama wa Mungu”, na IC XC karibu na Mtoto ni kifupi cha “Yesu Kristo”. Malaika nao wameandikwa, Mikaeli upande wa kushoto kwetu akiwa na mkuki na sifongo, Gabrieli upande wa kulia akiwa na msalaba na misumari. Na kama ikona ni ya mtu unayekwenda kusimama mbele yake, basi naye lazima akuelekee.

Sharti hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Mtakatifu katika ikona hutazama mbele kabisa au hugeuka kidogo, lakini macho yake mawili yanaonekana. Wanaochorwa kwa upande, jicho moja tu likionekana, kwa kawaida ni watu wasio na haja ya kukutana nawe: Yuda mezani, mashetani, au wapita njia kama wachungaji na watumishi. Wachoraji wa Ethiopia waliishika kanuni hiyo kwa nguvu zaidi, kiasi kwamba katika michoro yao mingi ya kale unaweza kuwatenga wema na waovu kwa kuhesabu macho tu. Tazama sasa tena picha ya Mama wa Msaada. Mtoto ameuona msalaba, amegeuza kichwa nyuma, amekimbilia kwa mama yake kwa hofu hata kiatu kimoja kimemchomoka mguuni na kuning'inia kwa kamba. Mikono yake miwili imeshika mkono wa mama. Kwa akili zetu za kawaida, mama angepaswa kumtazama mwanawe. Hamtazami. Anakutazama wewe. Tukio lote lile, hofu, msalaba, kiatu, limepangwa ili liishie kwenye macho ya Mama yakikutana na ya mtu aliyekuja kusali.

Namna uso wenyewe unavyojengwa ni sehemu inayonivutia kuliko zote, kwa sababu hapo unaona fundi anafanya nini na si anafikiri nini tu. Ubao mkavu hupakwa gundi ya wanyama, mara nyingi hubandikwa kitambaa cha kitani juu yake ili ufa wa mbao usipite hadi kwenye picha, kisha hupakwa tabaka baada ya tabaka ya unga mweupe wa chaki au jasi uliochanganywa na gundi hiyohiyo. Kila tabaka hukaushwa, na mwishoni uso wote husuguliwa hadi uwe laini na mweupe. Juu ya weupe huo fundi huhamisha mchoro, mara nyingi kutoka kwenye karatasi ya mfano aliyoirithi kwa mwalimu wake, na huchora mistari mikuu kwa ncha ya chuma ili isipotee chini ya rangi.

Kwa uso unaotazama mbele kabisa, kama wa Kristo Mtawala wa Yote, yaani Pantokrator, kipimo ni pua. Weka mguu wa bikari kwenye kitako cha pua, katikati ya macho. Duara la kwanza lina nusu kipenyo cha urefu wa pua moja, nalo linashika macho, paji na mashavu. Duara la pili lina pua mbili, nalo linagusa utosi juu na kidevu chini. Duara la tatu lina pua tatu, na hilo ndilo duara la nuru lililozunguka kichwa. Mtafiti wa Kijerumani Erwin Panofsky ndiye aliyeueleza vizuri mpango huu. Si kila ikona inautii, maana mafundi wengi walinakili mifano badala ya kushika bikari, lakini chukua rula uipime picha ya Pantokrator uliyo nayo na mara nyingi utaukuta.

Sasa fikiria kinachotokea kwa sura ya mtu. Katika uso wa kawaida, umbali kutoka chini ya pua hadi kidevuni ni mrefu kuliko pua yenyewe. Mpango wa duara tatu unavilazimisha vilingane. Pua inarefuka, na mdomo pamoja na kidevu vinabanwa katika nafasi iliyobaki, kwa hiyo mdomo unakuwa mdogo. Vitabu vingi vya ibada husema mdomo ni mdogo kwa ajili ya ukimya na pua ni nyembamba kwa sababu haitamani harufu za dunia. Ni tafakari nzuri na sina ugomvi na anayesali nayo, ila nadhani imekuja baada ya sura kuwa tayari. Kwanza kulikuwa na kipimo na mazoea ya mkono. Maana ya kiroho ilijengwa juu yake.

Macho makubwa nayo ni ya zamani kuliko Bizanti. Huko Misri, hasa Fayum, kati ya karne ya 1 na ya 3, watu walichorewa nyuso zao kwenye mbao zilizofungwa juu ya maiti zilizokaushwa, wakitazama mbele kwa macho makubwa yaliyo wazi. Rangi zilichanganywa na nta iliyoyeyushwa kwa moto. Ikona ya Kristo iliyo katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Mlima Sinai, imechorwa kwa nta vilevile katika karne ya 6. Ilisalimika wakati wa marufuku kwa sababu Sinai ilikuwa tayari chini ya utawala wa Waislamu, mahali ambapo amri ya kaisari haikufika. Funika nusu ya uso wake kwa karatasi, kisha funika nusu nyingine. Upande mmoja ni mtulivu na wazi. Upande mwingine nyusi imepanda, shavu limeingia, jicho ni kali. Wengi leo husema pande hizo ni uungu na ubinadamu, au huruma na hukumu. Hakuna haja ya kuchagua. Kinachoonekana kwa hakika ni kwamba uso usiolingana pande mbili haukai kimya, nao unakushika muda mrefu kuliko uso uliolingana.

Baada ya nta kuachwa, mafundi walitumia kiini cha yai. Kiini hutengwa na ute, hutobolewa ngozi yake, huchanganywa na maji na siki kidogo ili kisioze, kisha rangi ya unga hukorogwa humo. Rangi ya yai hukauka kwa dakika chache, kwa hiyo huwezi kuivuta na kuilainisha upendavyo kama rangi ya mafuta. Lazima ujenge kwa tabaka na kwa mistari myembamba. Uso wote hupakwa kwanza rangi ya giza, kijani cha zeituni kinachoelekea hudhurungi, iliyotengenezwa kwa udongo wa kijani, udongo wa manjano na weusi kidogo. Wakati huo uso unaonekana kama umo kwenye kivuli kizito. Kisha mistari ya macho, pua na mdomo hurudiwa. Kisha rangi ya ngozi huwekwa mahali palipoinuka tu, kwenye paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua na kidevu, na giza huachwa pembeni. Juu yake huja tabaka ang'avu zaidi na dogo zaidi, na jingine tena dogo zaidi. Mwisho kabisa huja mistari myeupe kama nywele, chini ya macho na pembeni mwa mdomo. Mmonaki Dionisio wa Furna, aliyeishi kwenye Mlima Athos, aliziandika hatua hizi katika kitabu cha mafundi cha karne ya 18.

Ndiyo maana uso wa ikona hauna taa inayoupiga kutoka kushoto au kulia, wala hauangushi kivuli popote. Kivuli unachokiona ni ile rangi ya kwanza iliyoachwa wazi. Nuru imeongezwa hatua kwa hatua kutoka kwenye giza, ikitokea mahali pa juu pa uso, na macho yetu yanaisoma kama nuru inayotoka kwa mtu mwenyewe.

Hapa kuna jambo linalofaa kusemwa kwa wasomaji wa Afrika. Weusi wa baadhi ya ikona za kale haukukusudiwa na fundi. Mafuta ya kitani yaliyopakwa juu ya picha kuilinda huwa meusi baada ya miongo kadhaa, na moshi wa mishumaa na ubani huongezea. Mafundi wa leo wakiyaondoa taratibu hukuta nyekundu na buluu kali chini yake. Lakini wapo waliochora ngozi nyeusi kwa makusudi, na walikuwa Waafrika. Katika kanisa kuu la Faras huko Nubia, kaskazini mwa Sudan, michoro iliyookolewa na Wapolandi kati ya 1961 na 1964 kabla ya ziwa la Bwawa la Aswan kuifunika, yupo Askofu Petro wa karne ya 10 amesimama na Mtume Petro nyuma yake. Mtume ana uso mweupe wa mfano uliorithiwa. Askofu ana ngozi ya hudhurungi iliyokolea, kwa sababu alikuwa Mnubi na watu wake walimjua. Wachoraji wale walizishika kanuni barabara, na walijua pia mahali ambapo kanuni iliwapa ruhusa ya kumchora jirani yao alivyo.

Tuje kwenye dhahabu. Fundi huiweka kabla ya rangi. Mahali pa dhahabu hupakwa udongo laini mwekundu uliochanganywa na gundi, kisha hulowanishwa, na vipande vya dhahabu iliyofuliwa hadi unene wake kuwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita hulazwa juu yake. Havishikwi kwa vidole, maana hupasuka kwa pumzi tu. Vikikauka, husuguliwa kwa jiwe laini la akiki au jino la mnyama mpaka ving'ae. Udongo ule mwekundu ni mto wa kusugulia, na pia ndio unaoipa dhahabu joto lake. Kwenye ikona ya kale tafuta sehemu zilizochakaa pembeni: ukiona wekundu unachungulia na mipaka hafifu ya vipande vya mraba vilivyopandana, hiyo ni dhahabu. Rangi ya unga wa shaba, ambayo wengi huuziwa kwa jina la dhahabu, hufifia na kugeuka hudhurungi yenye ukijani.

Kwa nini dhahabu? Jibu la haraka ni kwamba inaonyesha mbingu. Si kosa, lakini linamfanya mtu aitazame kama pazia lenye rangi ya manjano, na hapo anaukosa utendaji wake. Dhahabu iliyosuguliwa haina mwanga wake yenyewe. Inarudisha ule ulioko. Ikona hizi zilitengenezwa kwa ajili ya makanisa yenye madirisha machache na taa za mafuta zilizoning'inia, ambazo moto wake hutikisika. Uso uliochorwa kwa yai haung'ai sana, lakini dhahabu nyuma yake inang'aa, inafifia, inawaka tena. Ukisogea hatua moja, sehemu iliyokuwa ikiwaka inakuwa nyeusi na nyingine inawaka. Katika mwendo wote huo kitu pekee kisichobadilika ni uso. Baadhi ya ikona za Sinai za karne ya 12 na 13 zina duara la nuru lililosuguliwa kwa mzunguko, ili mwanga ufanye kama mishale miwili inayozunguka kichwa cha mtakatifu kadiri unavyotembea. Mafundi wale walijua hasa walichokuwa wakikifanya.

Dhahabu pia inaondoa saa na mahali. Ukichora anga lazima uamue ni asubuhi au jioni. Ukichora mlima lazima ujue ni upi. Mama wa Msaada hayuko Nazareti wala Roma, hayuko adhuhuri wala usiku, na kwa hiyo anayesimama mbele yake hatazami jambo lililokwisha kupita. Hata hivyo dhahabu haikuwa lazima. Michoro ya ukutani mara nyingi ilikuwa na buluu nzito nyuma, na parokia maskini zilitumia udongo wa manjano. Uso ukiwa sahihi na jina likiwepo, ikona ni ikona.

Kilichobaki ni mtazamo wa kinyume. Simama katikati ya barabara ndefu iliyonyooka na utaona kingo zake zinakaribiana hadi zikutane mbali. Karibu na mwanzo wa karne ya 15 huko Firenze, Filippo Brunelleschi alionyesha jinsi ya kuchora hivyo kwa hesabu, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaiandika kanuni hiyo kitabuni. Tangu hapo Ulaya, na shule zetu baada yake, zikafundisha kwamba hivyo ndivyo kuchora kulivyo. Katika miaka hiyohiyo, mmonaki wa Urusi Andrei Rublev, mrithi wa mila ya Bizanti, alichora ikona ya Utatu Mtakatifu: malaika watatu waliomtembelea Abrahamu, wameketi kuzunguka meza yenye kikombe. Ubao wake una kimo cha sentimita 142 na upana wa sentimita 114.

Angalia chini, miguuni mwa malaika wa kushoto na wa kulia. Kila mmoja ana kibao cha kuwekea miguu. Kwa kanuni ya Firenze, kibao kingekuwa kipana upande wa karibu nawe na chembamba upande wa mbali. Hapa ni kinyume: kingo zake zinapanuka zikienda nyuma. Ukichukua rula ukaendeleza mistari hiyo kuelekea mbele, inakaribiana upande wako, nje ya picha. Katika mchoro wa Firenze nukta ya mkutano iko mbali ndani ya picha, na wewe ni mtazamaji wa dirishani. Hapa picha inafunguka kuelekea ndani, na ncha yake iko upande wa anayetazama. Malaika wanazunguka meza pande tatu, na upande wa nne, ulio wazi, ni wako.

Jina “mtazamo wa kinyume” lilitolewa na Mjerumani Oskar Wulff mwaka 1907, na padre na mwanahisabati wa Urusi Pavel Florensky akaandika utetezi wake mkali mwaka 1919. Kuna hatari ya kulitumia jina hilo kupita kiasi. Wabizanti wenyewe hawakuacha kitabu cha kanuni hiyo kama cha Alberti. Ukipima ikona nyingi kwa rula utakuta kibao kimoja kinapanuka, meza ina kingo sambamba, na mistari haikutani kwenye nukta moja hata kidogo. Aliyeifikisha hoja mahali pazuri, kwa maoni yangu, ni Boris Raushenbakh, mhandisi wa Kisovieti aliyetengeneza mfumo wa kuongoza chombo cha Luna 3, kilichopiga picha upande wa nyuma wa Mwezi mwaka 1959. Alipoyachunguza macho yanavyofanya kazi, alionyesha kwamba kitu kidogo kilicho karibu sana hatukioni kikifinyika kuelekea mbali. Tunakiona kingo zake zikiwa sambamba, au hata zikipanuka kidogo. Barabara hufinyika kwa sababu ni ndefu. Kibao cha miguu kilicho hatua moja mbele yako hakifinyiki namna hiyo.

Pamoja na hayo kuna sababu ya kazi tu. Mchoraji wa ikona anataka kila kitu kionyeshe kinachohitajika. Kitabu cha Injili mkononi mwa Kristo kinaonyesha jalada na pia kingo za kurasa. Meza imeinuliwa ili kikombe kionekane. Malaika wa Mama wa Msaada ni wadogo kwa sababu si wao tuliokuja kuwaona. Ukubwa unafuata uzito wa mtu katika habari inayosimuliwa, na pembe ya kila kitu inafuata haja ya anayesimama mbele.

Nirudi kwa Mtoto mwenye uso wa mtu mzima, maana huyo ndiye anayewasumbua watu kuliko wote. Kwa hoja ya Theodoro, anayechorwa ni nafsi, na nafsi ya Kristo haikuanza kuwa Bwana alipokua. Kwa hiyo mchoraji amempa mwili wa mtoto, woga wa mtoto na kiatu kilichochomoka cha mtoto, kisha akampa paji pana na uso wa anayeelewa kile alichokiona mikononi mwa Gabrieli. Angempa uso mviringo wa kitoto, tungemhurumia tu. Tusingejua kwamba anafahamu.

Ukiwa na nakala ya picha hii nyumbani, izimie taa ya umeme jioni moja, washa mshumaa, simama hatua mbili mbele yake, kisha sogea taratibu kushoto na kulia. Karatasi ya kuchapwa haiwezi kufanya yote ambayo dhahabu hufanya, lakini uso utauona tofauti. Na kwa wanaochapisha kalenda, kadi na mabango ya parokia nina ombi. Nakala nyingi zinazouzwa siku hizi zimekatwa juu ili zitoshe fremu, na herufi za majina zimepotea pamoja na mabawa ya malaika. Nyingine zimewekewa anga la buluu na mawingu mahali pa dhahabu, na nyuso zimelainishwa kwa kompyuta hadi Mama anatabasamu. Acheni majina yabaki, acheni nyuma pabaki pa dhahabu au angalau manjano tupu, na uso msiuguse.